Walitupa vizuri zaidi, wakafungwa: maswali manne ya kujua kwa nini timu imepoteza mechi

Timu ikifungwa kwenye kikapu, sababu ya kwanza utakayoisikia ni hii: "Hatukuwa tunaingiza leo." Kocha anaisema, mashabiki wanairudia, na kesho yake mazoezi yote yanakuwa ya kutupa tu. Mara nyingi sababu hiyo ni ya kweli. Lakini kuna mechi ambazo siyo kweli hata kidogo, na hapo timu inatumia wiki nzima kutibu ugonjwa ambao haina.

Tuchukue mechi moja inayojulikana sana. Tarehe 17 Juni 2010, jijini Los Angeles, Lakers na Celtics walicheza mchezo wa saba wa fainali ya NBA. Walikuwa wameshinda mara tatu kila mmoja, kwa hiyo atakayeshinda siku hiyo ndiye bingwa. Katika robo ya tatu Celtics waliongoza kwa pointi 13. Mwishoni Lakers wakashinda 83 kwa 79.

Sasa tazama jinsi timu hizo zilivyotupa. Lakers walitupa mara 83 wakaingiza 27, yaani chini ya theluthi moja. Celtics walitupa mara 71 wakaingiza 29, karibu asilimia 41. Kwenye mitupo ya pointi tatu, Lakers waliingiza 4 kati ya 20, Celtics 6 kati ya 16. Kwenye mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, Lakers waliingiza 25 kati ya 37, Celtics 15 kati ya 17.

Isome tena taratibu. Celtics walilenga vizuri zaidi kwa mitupo yote, vizuri zaidi kwa pointi tatu, na vizuri zaidi kwenye mstari wa mitupo huru. Halafu wakafungwa. Inawezekanaje?

Anza na zamu, usianze na pointi

Kikapu kina tabia moja inayorahisisha hesabu: timu mbili hupata mpira kwa zamu. Mimi nikifunga, mpira ni wako. Nikikosa ukaudaka, ni wako. Nikiupoteza, ni wako. Kwa hiyo hadi filimbi ya mwisho timu zote mbili zinakuwa zimepata zamu zinazokaribia kulingana. Hakuna timu inayoshinda kwa kuwa na zamu nyingi mno kuliko mwenzake. Inashinda kwa kupata pointi nyingi zaidi ndani ya zamu zilezile.

Sasa jiulize, zamu moja inaweza kuishaje? Timu inaweza kutupa mpira kwenye ringi. Inaweza kuupoteza kabla hata ya kutupa. Inaweza kufanyiwa faulo ikaenda kwenye mstari. Na ikitupa ikakosa, inaweza kuudaka tena mpira wake yenyewe, na zamu ikaendelea badala ya kuisha. Hapo ndipo yanapotoka maswali manne:

Mlipotupa, mliingiza vizuri kiasi gani? Mlipoteza mipira mingi kiasi gani? Mlipokosa, mliurudisha mpira mara ngapi? Na mlipata pointi ngapi kutoka kwenye mstari?

Aliyeyapanga maswali haya kuwa kipimo ni Dean Oliver, Mmarekani aliyesomea uhandisi kabla ya kuingia kwenye takwimu za kikapu. Katika kitabu chake cha mwaka 2004 aliyapa pia uzito wa kukadiria: kutupa asilimia 40, kupoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba maswali haya yanaulizwa kwa timu zote mbili. Unaangalia ulichofanya wewe na ulichomruhusu mwenzako akufanyie.

Swali la kwanza: kutupa

Asilimia ya kawaida ya mitupo ina kasoro, maana inahesabu kikapu cha pointi tatu sawa na cha pointi mbili. Mchezaji anayeingiza 5 kati ya 10 karibu na ringi anapata pointi 10. Mwenzake anayeingiza 4 kati ya 10 kutoka mbali anapata 12. Kwa asilimia ya kawaida wa kwanza ndiye bora, ingawa timu imefaidika zaidi na wa pili. Dawa yake ni rahisi: kila kikapu cha pointi tatu kihesabiwe kuwa kikapu kimoja na nusu.

```
kutupa = (vikapu + 0.5 × vikapu vya pointi tatu) / mitupo
```

Lakers: 27 jumlisha 2 ni 29, gawa kwa 83, unapata asilimia 35. Celtics: 29 jumlisha 3 ni 32, gawa kwa 71, unapata asilimia 45. Tofauti ni pointi kumi za asilimia, na hiyo ni tofauti kubwa sana. Kwenye swali lenye uzito kuliko yote, Celtics walishinda kwa mbali.

Swali la pili: kupoteza mpira

Pasi iliyonaswa, mpira uliotoka nje, kutembea na mpira: yote haya yanamaliza zamu bila hata kujaribu kufunga. Hapa kuhesabu idadi tu hakutoshi, kwa sababu mechi ya kasi ina zamu nyingi na hivyo nafasi nyingi za kupoteza. Tunagawa kwa idadi ya zamu. Zamu haziandikwi kwenye karatasi ya takwimu, lakini zinakadirika:

```
zamu = mitupo − ribaundi za ushambuliaji
       + mipira iliyopotezwa + 0.44 × mitupo huru
```

Hiyo 0.44 isikutishe. Mitupo huru mingi huja miwili miwili, kwa hiyo ungetegemea kuzidisha kwa nusu. Lakini wakati mwingine mchezaji anafunga huku akifanyiwa faulo, akapewa mtupo mmoja wa nyongeza, na huo hauli zamu mpya. Ndiyo maana namba inashuka kidogo chini ya nusu.

Lakers walipoteza mipira 11 na Celtics 14. Ukiingiza namba zote (ribaundi za ushambuliaji zilikuwa 23 kwa 8, tutazifikia sasa hivi), unapata zamu kama 87 kwa Lakers na 85 hivi kwa Celtics. Zinakaribiana, kama tulivyotegemea. Huu ni ukaguzi mzuri wa karatasi yako pia: ukipata zamu 87 kwa 70, kuna mtu amekosea kuandika.

Kwa hiyo Lakers walipoteza karibu asilimia 13 ya zamu zao, Celtics karibu 16 au 17. Lakers wako mbele, lakini si kwa mbali. Mipira mitatu ya ziada, kila zamu ikiwa na thamani ya karibu pointi moja, ni kama pointi tatu. Celtics walifungwa kwa nne. Swali hili limechangia, ila peke yake halitoshi kueleza mechi.

Swali la tatu: ribaundi

Ribaundi ni kuudaka mpira uliokosa kuingia. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu karatasi huonyesha jumla: Lakers 53, Celtics 40. Jumla hiyo inadanganya. Lakers walikosa mitupo 56, Celtics 42. Timu inayokosa sana inaning'iniza mipira mingi hewani upande wake, kwa hiyo itapata ribaundi nyingi za ushambuliaji hata kama haijui kuzipigania. Tunachotaka ni asilimia: kati ya mipira iliyodakwa chini ya ringi moja, washambuliaji waliichukua mingapi?

Kwenye ringi ambayo Lakers walikuwa wanaishambulia, Lakers walidaka 23 na Celtics 32. Jumla 55, na Lakers walichukua asilimia 42. Upande wa pili, Celtics walidaka 8 na Lakers 30. Celtics walichukua asilimia 21.

Kwenye NBA ya msimu ule timu ya kawaida ilikuwa inapata karibu robo ya mipira yake iliyokosa. Celtics walikuwa chini kidogo ya hapo, jambo la kawaida tu. Lakers walikuwa juu mno. Katika kila mipira mitano waliyokosa, walijirudishia zaidi ya miwili.

Swali la nne: mitupo huru

Ungetegemea tupime asilimia ya kuingiza, lakini hilo si swali kuu. Swali ni ulifika kwenye mstari mara ngapi na ukaondoka na nini. Tunagawa mitupo huru iliyoingia kwa mitupo ya kawaida.

Lakers: 25 kwa 83, asilimia 30. Celtics: 15 kwa 71, asilimia 21. Angalia kitu cha ajabu hapa. Lakers walikosa mitupo huru 12, aibu kwa timu ya daraja lao. Celtics walikosa 2 tu. Bado Lakers waliondoka na pointi 10 zaidi, kwa sababu walifika kwenye mstari mara 37 dhidi ya 17. Ukipima ulengaji peke yake, ungempa ushindi aliyeshindwa.

Sasa tusome majibu pamoja

| | Lakers | Celtics |
|---|---|---|
| Kutupa | 35 | 45 |
| Kupoteza mpira | 13 | 16 |
| Ribaundi za ushambuliaji | 42 | 21 |
| Mitupo huru | 30 | 21 |

(Zote ni asilimia. Kwenye kupoteza mpira, namba ndogo ndiyo nzuri, na nimegawa kwa wastani wa zamu 86 kwa timu zote mbili.)

Celtics wameshinda swali moja, wameshindwa matatu. Lakini kuhesabu nani kashinda maswali mangapi si uchunguzi. Tuyageuze kuwa pointi.

Kwa vikapu vya kawaida, Celtics walipata pointi 64 na Lakers 58. Hapo Celtics wako mbele kwa 6. Kwenye mstari Lakers wako mbele kwa 10. Sita toa kumi, unapata zile nne za kufungwa. Kwa haraka mtu angesema basi, ni faulo ndizo zilizowaua, na wengi walimalizia hapo kwa kuwalaumu waamuzi. Subiri kidogo. Bado hatujajibu jambo moja: ikiwa Celtics walikuwa wanatupa vizuri zaidi kwa kiasi kile, kwa nini faida yao ya vikapu ilikuwa pointi 6 tu?

Kwa sababu Lakers walitupa mara 12 zaidi. Na juu ya hapo walipiga mitupo huru 20 zaidi, ambayo kwa kipimo chetu cha 0.44 ni sawa na nafasi 9 hivi. Jumla ni nafasi 21 za ziada za kufunga, katika mechi ambayo zamu zilikuwa karibu sawa. Zilitoka wapi? Ribaundi za ushambuliaji zilipishana kwa 15. Mipira iliyopotezwa ilipishana kwa 3. Hizo ni 18. Tatu zilizobaki ni makosa ya kawaida ya ukadiriaji: 0.44 ni wastani tu, na mpira uliokosa ukagongwa nje na beki hauingii kwenye ribaundi za mchezaji yeyote ingawa washambuliaji wanaupata tena.

Kwa hiyo kitabu cha hesabu kinakaribia kufunga, na sehemu kubwa yake ni neno moja: ribaundi.

Tupime uzito wake. Kama Celtics wangelinda ringi yao kama timu ya kawaida ya ligi, Lakers wangepata karibu robo ya ile mipira 55, yaani 14. Walipata 23. Hizo ni nafasi 9 walizopewa bure. Lakers usiku ule walikuwa wanapata karibu pointi 0.95 kwa zamu, kwa hiyo nafasi 9 ni pointi 8 au 9. Pengo la mechi lilikuwa 4.

Na mitupo huru? Haijitegemei. Mchezaji anayedaka mpira akiwa hatua moja kutoka kwenye ringi, beki akiwa nyuma yake, ana njia mbili kubwa: afunge au afanyiwe faulo. Sehemu ya mitupo 37 ya Lakers ni mtoto wa zile ribaundi 23. Ndiyo maana huwezi kusema "ribaundi zilitugharimu pointi 8 na mstari ukatugharimu 10, jumla 18". Utakuwa umehesabu kitu kimoja mara mbili.

Pingamizi la haki

Msomaji makini atasema: wastani wa ligi kwenye kutupa msimu ule ulikuwa karibu asilimia 50, na Celtics walipata 45. Si nao walitupa vibaya? Ni kweli. Wangefikia 50 wangepata pointi 7 zaidi na wangekuwa mabingwa. Kwa hiyo yule aliyesema "hatukuwa tunaingiza" hakusema uongo kabisa.

Hapa ndipo uchunguzi unahitaji milinganisho miwili. Unajilinganisha na mpinzani wa siku hiyo, na unajilinganisha na hali ya kawaida. Mlinganisho wa kwanza unasema Celtics walitupa vizuri. Wa pili unasema walikuwa chini kidogo, jambo lisiloshangaza kwenye mchezo wa saba dhidi ya ulinzi mzuri. Ribaundi ndiyo sehemu pekee ambayo milinganisho yote miwili inaonyesha kidole kimoja kwa nguvu: waliachia mara mbili ya walichopata wao, na waliachia kupita kiasi cha kawaida kwa mbali. Hata ukiruhusu bahati, kwa mipira 55 yenye nafasi ya robo hivi ungetegemea namba iyumbe kwa tatu hivi juu au chini. Hii iliyumba kwa tisa.

Namba zinaonyesha mahali, hazisemi sababu

Kipimo cha joto kinakuambia una homa. Hakikuambii kama ni malaria. Maswali manne yametufikisha chini ya ringi ya Celtics, na kuanzia hapo inabidi tuangalie watu na video.

Jambo la kwanza utakaloliona ni nani hayupo. Kendrick Perkins, jitu la katikati la Celtics ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusukuma watu mbali na ringi, aliumia goti katika mchezo wa sita. Mahali pake alianza Rasheed Wallace, mchezaji mwenye kipaji lakini mwenye umri wa miaka 35 na anayependa kucheza mbali na ringi. Upande wa pili, Pau Gasol wa Lakers alimaliza na ribaundi 18, na nusu yake zilikuwa za ushambuliaji. Celtics timu nzima walipata 8. Hata Kobe Bryant, aliyeingiza mitupo 6 tu kati ya 24, alidaka ribaundi 15. Mtu akikumbuka 6 kati ya 24 peke yake, hataelewa alishindaje ubingwa.

Je, ni kukosekana kwa Perkins? Maelezo hayo yanaingia akilini, lakini namba za mechi moja haziwezi kuyathibitisha. Kuyapima sawasawa ungelinganisha dakika ambazo Perkins alikuwa uwanjani na ambazo hakuwepo, kwa mechi nyingi.

Na ule uzito wa 40, 25, 20 na 15? Ungeutumia kijinga kwenye mechi hii, ungesema Celtics walistahili kushinda kwa kuwa waliongoza kwenye kitu kikubwa kuliko vyote. Lakini uzito huo unaeleza ni nini kinachotenganisha timu nzuri na mbaya kwa msimu mzima. Timu hupishana sana kwenye kutupa na kidogo zaidi kwenye ribaundi, ndiyo maana kutupa kuna uzito mkubwa. Katika usiku mmoja ribaundi zikipishana kwa asilimia 42 dhidi ya 21, zinaweza kubeba mechi nzima.

Ukitaka kujaribu kwenye mechi yenu

Huhitaji kompyuta. Mtu mmoja pembeni na daftari anatosha, mradi aandike vitu sita kwa kila timu: mitupo, vikapu (vya tatu vikiwekwa alama), mitupo huru iliyopigwa na iliyoingia, mipira iliyopotezwa, na ribaundi zikitenganishwa za ushambuliaji na za ulinzi. Kutenganisha ribaundi ndiko watu wanakoruka, na bila hiyo swali la tatu halijibiki.

Kwanza kadiria zamu za timu zote mbili uhakikishe zinakaribiana. Halafu jaza yale majedwali manne. Kisha tafuta swali ambalo mmepitwa na mpinzani na pia mmekuwa vibaya kuliko kawaida yenu. Hiyo kawaida yenu haipatikani kwa mechi moja, kwa hiyo weka daftari la mechi tano au sita kabla ya kubadilisha mazoezi.

Kila jibu lina mazoezi yake. Kutupa kukiwa chini, angalia kwanza mnatupa kutoka wapi kabla ya kulaumu mikono ya watu. Mipira ikipotea, hesabu ni pasi ngapi zilinaswa na ngapi zilitoka nje bila presha. Mkiwa mnakosa mitupo huru, jueni kama tatizo ni kuingiza au ni kutofika kabisa. Na ribaundi zikivuja kama za Celtics, acheni kutupa kwa siku mbili tatu mfanye zoezi la kumgeukia mpinzani wako mara mpira unapoachiwa, kumweka mgongoni, ndipo utazame juu. Halipendezi na halina mashabiki, lakini ndilo ambalo lingewafaa Celtics usiku ule kuliko kikapu chochote cha pointi tatu.